Disiki C inajaa yenyewe: ninunue SSD ya GB 480, disiki ya nje, ao nifomati?

MamaFotokopi (Bukavu)
Jambo bandugu. Niko na sekretaria ndogo hapa Kadutu: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti. Mashini inaniambia disiki C imejaa. Wiki iliyopita nilifuta picha za zamani zenye GB 20, leo asubuhi zimebaki MB 300, na sikuongeza kitu. Muuzaji ana SSD ya GB 480 kwa dola 45 na disiki ya nje ya TB 1 kwa dola 60. Kijana mwingine anasema atafomati kwa dola 10. Nichukue gani? Muuzaji anangoja jibu mpaka Jumamosi.

Lushois_Safi (Lubumbashi)
SSD, mama. Disiki ya nje ukiigonga kidogo tu imekufa. Mimi tangu nibadilishe, mashini inawaka kabla sijavuta kiti.

Fundi_Nguba (Bukavu)
Hujasema Windows gani, wala C ina GB ngapi kwa jumla, wala kama antivirusi imeona kitu. Bila hayo tunapiga ramli. Kama kuna kitu kinachokula GB 20 kwa wiki, kitaila na hiyo ya 480. Utakuwa umenunua miezi michache tu.

Virunga_Net (Goma)
Hiyo ni virusi, sina shaka. Sekretaria inapokea fleshi za kila mtu, kila moja na ugonjwa wake. Fomati, weka antivirusi, rudi kazini.

Fundi_Nguba (Bukavu)
Virusi vya fleshi tunavyoviona hapa mara nyingi vinaficha folda za mteja na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Havijazi disiki. Sikatai kabisa, lakini tuone kwanza nani anaandika.

Mwl_Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi nitawaambia yaliyonipata, ndipo mtajua fomati na disiki mpya si dawa. Shuleni tulikuwa na mashini moja ya kuchapia bilteni, disiki GB 250. Ikajaa. Mkubwa akanunua ya TB 1, mimi nikanakili yote jinsi ilivyo, Windows na kila kitu, kazi ya Jumamosi nzima na kuranti ikikatika mara mbili. Tukafurahi. Trimesta haikuisha, ikajaa tena! Nikaambiwa nimeiba nafasi, sijui nafasi inaibwaje. Kumbe mtu alikuwa ameweka alama kwenye sehemu ya printa inayosema `Conserver les documents imprimés`. Kila bilteni yenye picha iliyopita kwenye printa ilibaki ndani ya `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`. Niliponakili disiki, nilinakili na ugonjwa. Mama anachapa kutwa. Ni hiyo hiyo, sihitaji hata kuona.

Paluku_Simu (Goma)
Hata simu yangu inaniambia nafasi imeisha na nina picha 40 tu. Nifanye nini?

MamaFotokopi (Bukavu)
Mwalimu, nimeangalia hiyo folda: MB 12 tu. Fundi, ni Windows 7, disiki inaitwa ya GB 120 lakini C inaonyesha 111. Antivirusi imepita usiku mzima, haikuona kitu. Nimeweka WinDirStat kama kijana wa jirani alivyonishauri. Ajabu ni kwamba inajumlisha GB 66 pekee. Zingine 45 ziko wapi?

Fundi_Nguba (Bukavu)
Hapo ndipo penyewe. Uliifungua kwa kubofya mara mbili tu, kwa hiyo inasoma folda ambazo wewe una ruhusa nazo. Zile za mfumo zinabaki giza. Bofya kitufe cha kulia, chagua `Exécuter en tant qu'administrateur`, uhesabu upya.

Wakati inahesabu, bonyeza Windows na R, andika `resmon`, uingie sehemu ya disiki. Panga kwa safu ya uandishi, kubwa juu. Utaona programu na faili inayoandikwa saa hiyo hiyo. Kaa nayo nusu saa, kitu cha namna hii hakiandiki kila dakika.

MamaFotokopi (Bukavu)
Yesu wangu. `C:\Windows\Temp` ina GB 43. Faili kama 430, zote zinaanza na `cab_`, kila moja karibu MB 100. Na kule kwenye resmon imetokea `makecab.exe`, ikaandika, ikapotea.

Virunga_Net (Goma)
Sijawahi kusikia makecab. Nilisema virusi.

Fundi_Nguba (Bukavu)
Makecab ni ya Windows yenyewe, inakaa `C:\Windows\System32`. Mama, hakikisha yako inatoka huko; ikitoka kwingine, hoja ya Virunga_Net inarudi mezani. Halafu fungua `C:\Windows\Logs\CBS`, uniambie faili kubwa kuliko zote.

MamaFotokopi (Bukavu)
Inatoka System32. Kubwa ni `CbsPersist_` na tarakimu nyingi, `.log`, GB 2.6. Ya mwezi uliopita.

Fundi_Nguba (Bukavu)
Basi tumemkamata. Windows inaandika logi ya kazi zake za masasisho. Logi ikinenepa, inawekwa kando kwa jina hilo na makecab inaitwa kuibana. Lakini makecab haimudu faili inayozidi GB 2. Inashindwa njiani, inaacha kipande cha MB 100 ndani ya Temp, na logi inabaki palepale. Baadaye inajaribu tena, kipande kingine. Piga hesabu: GB 20 kwa wiki ni vipande 200, siku sita za kazi, ni kama vitatu kila saa mashini ikiwa imewaka.

Ukifuta Temp pekee, kesho inaanza upya, maana chanzo ni ile logi. Kwa hiyo fungua cmd kama administrateur:

```
net stop TrustedInstaller
del C:\Windows\Temp\cab_*
del C:\Windows\Logs\CBS\CbsPersist_*.log
```

Ikisema huduma haijaanza, endelea tu. Faili ikikataa kufutika, makecab bado imeishika: ingia Task Manager, uisimamishe. Usiguse folda ya `WinSxS` hata kama inaonekana nene. Ukifuta huko kwa mkono, hapo ndipo utamhitaji kijana wa dola 10.

Linux_Birere (Goma)
Kwenye Linux usingepata haya. Ingawa, niseme ukweli, seva yetu iliwahi kujaa na `du` ikaona nusu tu ya kile `df` ilichosema. Mtu alifuta logi kubwa huku programu bado imeifungua, nafasi haikurudi. `lsof +L1` ndiyo iliyoionyesha. Tukaanzisha programu upya, nafasi ikarudi.

Lushois_Safi (Lubumbashi)
Kwa hiyo unapata yale yale. Na wewe mama, Windows 7 masasisho yake yaliisha Januari 2020! Nunua SSD, weka Windows mpya.

Mwl_Kamalondo (Lubumbashi)
Windows mpya kwenye mashini ya zamani, na programu yake ya skana itakubali? Waulizeni walionunua.

MamaFotokopi (Bukavu)
Asante fundi, nafasi imerudi karibu GB 46. Ila leo saa nane nimechungulia: hakuna `cab_` mpya, lakini `CBS.log` mpya imeshafika MB 190 kwa siku mbili. Ni kawaida?

Fundi_Nguba (Bukavu)
Hapana, ni nyingi. Kuna sasisho linaloshindwa na kurudia. Notepad itakwama, toa mistari ya makosa tu:

```
findstr /c:", Error" C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log > "%USERPROFILE%\Desktop\makosa.txt"
```

Tuma mistari ishirini ya mwisho. SSD mwambie muuzaji angoje.

MamaFotokopi (Bukavu)
Anasema mtu mwingine anaitaka. Kuranti imekatika, nitatuma ikirudi.

Paluku_Simu (Goma)
Na simu yangu?