Kikundi cha ukoo: PlayStation ya Salimu

Shangazi Rehema, 14:05: Asalamu alaykum, ndugu zangu. Kaka Hamadi amemletea Salimu, ambaye ana miaka 13, PlayStation 5 kutoka Maskati pamoja na diski ya Grand Theft Auto V, na jalada lake lina namba 18. Kila mmoja atoe maoni yake leo.

Hamadi, 14:31: Rehema, hicho ni kiwango cha ugumu tu. Mchezo wa mpira una namba 3, na hakuna mtoto wa miaka mitatu anayeuweza.

Yusufu, 14:50: Shikamoo, kaka. Namba hiyo ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo kwa umri, haipimi ugumu, inapima yaliyomo, na GTA V ina mauaji, mateso na mambo ya ngono. Hata hivyo, haipimi maneno ya wachezaji wenyewe. Fortnite, mchezo wa mtandaoni, ina 12, kwa hiyo inamfaa Salimu kwa umri, lakini mtu mzima asiyemjua anaweza kupangwa naye timu moja, akazungumza naye kwa kipaza sauti, kisha akamwomba wahamie WhatsApp. Ombi hilo la kuhama ndilo la kuangaliwa sana.

Juma, 15:02: Salimu akikatazwa, mimi ninaomba nafasi yake kwenye mchezo wa mpira.

Shangazi Rehema, 15:03: Juma, tafadhali. Wengine mbona mmenyamaza?

Hadija, 18:20: Mwanangu nilimwekea saa moja kwa siku, kumbe alikuwa amejifungulia akaunti nyingine na kuandika kwamba amezaliwa 1990.

Yusufu, 18:44: Ndivyo wanavyopenya, dada. Salimu afunguliwe akaunti ya mtoto yenye tarehe yake ya kweli, chini ya akaunti ya mzazi, kisha mtambo wenyewe uzuiwe kuongeza watumiaji wapya, na namba ya siri ibadilishwe, kwa sababu inakuja ikiwa 0000 na watoto wanaijua. Kuhusu muda, mtambo unaweza kutoa onyo tu au kumtoa mchezoni. Mchezo mmoja wa Fortnite unaweza kupita dakika 20, kwa hiyo akitolewa katikati anawaangusha wenzake, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia. Ningeanza na onyo.

Mama Salimu, 21:40: Mimi ndiye ninayekaa naye. Tableti ile pia ililetwa bila mimi kuulizwa, na niliyoyasema wakati ule hayakusikilizwa.

Hamadi, 21:46: Shemeji, ile ilikuwa zawadi.

Babu, 22:10: Hamadi, diski hiyo uichukue kesho. Mtambo ukae sebuleni, na mtoto asivae hedifoni, ili anayezungumza naye asikiwe na sisi sote.

Hamadi, 22:12: Nimesikia, baba.

Shangazi Rehema, 22:15: Ahsante, baba. Basi namba ya siri ataishika nani, na Fortnite tunairuhusu?

Mama Salimu, 22:31: Namba nitaishika mimi. Fortnite sijaikubali, na huo muda wa onyo tu sijauridhia.

Yusufu, 22:33: Shemeji, nitakuja Jumamosi tuuwashe mtambo pamoja, uone mwenyewe mahali pa kuzima mazungumzo ya sauti.