Mjadala: Sentensi ichorwe kwa virai au kwa mishale ya utegemezi?

Neema: Tunaandaa mkusanyo wa sentensi za Kiswahili zilizochanganuliwa, na wenzangu wawili hawaelewani. Mmoja anataka kila sentensi igawanywe kuwa virai, yaani mafungu ya maneno: kwanza kirai nomino, KN, na kirai tenzi, KT, kisha iendelee kugawanywa hadi neno la mwisho. Mwingine anasema virai havihitajiki, tuchore mishale kutoka neno linalotawala kwenda neno linalotawaliwa, basi. Ipi inaonyesha muundo wa sentensi vizuri zaidi? Au tofauti ni ya mchoro tu?

Baraka: Ni ya mchoro tu, na jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwanamantiki Haim Gaifman alionyesha mwaka 1965 kwamba sarufi za utegemezi na sarufi miundo virai zisizotegemea muktadha huzalisha lugha zilezile. Hata kwa mkono unaweza kuhakikisha. Chukua mti wa virai, kila kirai kichagulie neno kuu, kisha maneno makuu ya virai vingine vilivyomo ndani yake yaning'inize chini ya hilo. Virai vitatoweka na mishale itabaki. Ukitaka kurudi, kusanya kila neno pamoja na vyote vilivyo chini yake, utapata kirai. Chagueni mnaoumudu upesi.

Mwalimu Hamisi: Mimi nafundisha kidato cha tatu. Sioni kwa nini tushindanishe hivi viwili, maana vinafanya kazi pamoja. Sentensi kama "Mtoto aliyeanguka analia" ina kishazi huru na kishazi tegemezi, na wanafunzi wangu huchora vyote viwili katika mchoro matawi mmoja. Utegemezi umo ndani ya virai tayari.

Zuhura: Mwalimu, shikamoo. Unachokizungumzia ni kishazi kutegemea kishazi. Hapa utegemezi ni wa neno kwa neno, hata katika sentensi yenye kishazi kimoja. Katika "Juma amesoma kitabu kipya", mzizi, yaani neno la juu kabisa lisilotawaliwa na jingine, ni "amesoma". Chini yake wapo "Juma" na "kitabu" bega kwa bega, na chini ya "kitabu" lipo "kipya". Maneno manne, mishale mitatu, na hakuna fundo lolote la mchoro ambalo si neno. Lucien Tesnière, mwanaisimu Mfaransa wa sarufi ya utegemezi ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka 1959 akiwa ameshafariki, alikataa kwa makusudi kuigawa sentensi kuwa kiima na kiarifu. Kwake mgawanyo huo ulitoka kwenye mantiki, haukutoka kwenye lugha yenyewe. Kwa hiyo KN na KT za kwenye ubao wako ndizo hasa zinazobishaniwa.

Baraka, nusu ya maneno yako naikubali. Matokeo ya Gaifman yanahusu ni mifuatano ipi ya maneno inayoruhusiwa, tena kwa utegemezi usioruka mipaka, yaani mishale isiyokatana wala kupita juu ya mzizi. Neema hajauliza hilo. Anauliza kila mchoro unasema nini kuhusu sentensi moja iliyo mbele yake, na safari yako ya kwenda na kurudi inapoteza kitu njiani.

Tazama "rais mwanamke wa kwanza". Chukua nchi iliyotawaliwa na wanaume watano, kisha akaingia mwanamke. Yeye ni rais wa sita, lakini ni rais mwanamke wa kwanza. Maana hiyo inapatikana kama "wa kwanza" linahesabu kundi la marais wanawake, si kundi la marais wote. Kwa virai ni rahisi kuonyesha:

```
[ [ rais mwanamke ] wa kwanza ]
```

Sasa chora mishale. "Mwanamke" linategemea "rais". "Wa kwanza" nalo linategemea "rais". Yote mawili yananing'inia kwenye neno lilelile, na hakuna mahali pa kusema lipi lilijiunga kwanza. Ukiufuata utaratibu wako wa kurudi, utapata kirai kimoja bapa chenye vitu vitatu, na kile kirai cha ndani, "rais mwanamke", hakirudi. Hakikuwa pambo la mchoro, maana ndicho kilichokuwa kinahesabiwa.

Elia: Nipo upande wa mishale, na mfano huo naufahamu. Lakini mpangilio wa maneno haujafutwa, Zuhura. Mishale haipangui sentensi. "Mwanamke" liko karibu na "rais" kuliko "wa kwanza", kwa hiyo atakayesoma mchoro anaweza kuanza na la karibu kwenda la mbali, akapata kundi lako bila fundo la ziada.

Mwalimu Hamisi: Nimekuelewa dada Zuhura, marahaba. Ila mbona watu wengi husema na kuandika "rais wa kwanza mwanamke", na humaanisha mtu yuleyule? Hapo "wa kwanza" ndilo liko karibu na "rais". Kwa njia ya Elia tungepata rais wa kwanza kabisa, ambaye pia ni mwanamke. Hakuna anayeielewa hivyo.

Zuhura: Hapo Mwalimu ametubana sote wawili. Njia ya Elia inavunjika kwa sababu ukaribu umetoa jibu lisilo sahihi. Yangu nayo inayumba: nikifungia "rais" na "mwanamke" pamoja, "wa kwanza" linabaki katikati yao na matawi yanakatana, jambo ambalo sarufi miundo virai ya kawaida hairuhusu. Naweza kudai kwamba "mwanamke" limehama kutoka mahali pake, au kwamba ni maelezo yaliyoongezwa mwishoni, lakini sina ushahidi wa kutosha wa kulifunga. Ninachokishikilia ni kwamba virai vinanilazimisha kuamua. Nikichora vibaya, kosa linaonekana. Mishale ingechorwa vilevile kwa mpangilio wote wawili na kwa maana zote mbili, na tatizo la Mwalimu lisingejitokeza.

Elia: Sawa, na mimi nilete panapowabana ninyi. "Vitabu amenunua viwili tu." Watu husema hivi kila siku. "Viwili" limebeba vi- kwa sababu ya "vitabu", kwa hiyo upatanisho unatuambia haya mawili ni ya pamoja. Katika virai, KN yenu imepasuliwa na kitenzi kimekaa katikati. Mtalazimika kuweka pengo baada ya kitenzi na kusema "vitabu" lilianzia pale likapanda mbele. Mimi nachora mshale kutoka "vitabu" hadi "viwili". Unapita juu ya mzizi wa sentensi, na programu za kuchanganua zinazodai mishale isiruke mipaka zitaukataa, lakini mchoro unabaki mti halali: kila neno lina bosi mmoja, mzizi ni mmoja.

Na angalieni "Kitabu hiki Juma amekisoma." Shamirisho liko mbele, kiima katikati, kitenzi mwisho. Iko wapi KT inayounganisha kitenzi na shamirisho lake huku ikimwacha Juma nje? Kwangu hakuna kilichoharibika: "amesoma kitabu" au "kitabu amekisoma", mshale ni uleule, umegeuza upande tu.

Baraka: Mfano wa pili nakubali. Wa kwanza hapana. "Viwili" linaweza kusimama peke yake. Ukiniuliza amenunua vingapi, nitajibu "amenunua viwili", sentensi imekamilika. Kwa hiyo "viwili" ndilo shamirisho, na "vitabu" ni mada iliyotangulizwa. Hakuna kirai kilichopasuka.

Elia: Inawezekana. Lakini ukiifuata njia hiyo, hata "Kitabu hiki Juma amekisoma" itakuwa mada na sentensi kamili, shamirisho likiwa lile -ki- ndani ya kitenzi. Hapo uchanganuzi wa virai unaingia ndani ya neno, wakati Neema anachanganua maneno mazima.

Neema: Asanteni sana. Nilete kesi yetu halisi, maana ndiyo iliyoanzisha ubishi. Tulijaribu mishale kwa kufuata Universal Dependencies, mwongozo wa kuchanganua lugha mbalimbali kwa namna moja, ambamo viunganishwa viwili vikikutana, cha kwanza ndicho kinachotawala cha pili. Tukapata sentensi hizi:

Jana Juma aliimba na Asha alicheza.
Jana Juma aliimba na Asha atacheza kesho.

Katika ya kwanza, mtu anaelewa kwamba vyote vilitokea jana. Katika ya pili, "jana" ni la Juma peke yake. Lakini katika michoro yetu neno "jana" limekaa mahali pamoja: linategemea "aliimba", na "aliimba" linatawala kitenzi cha pili. Mwenzangu wa virai alipoiona akasema, "Umeona?" Kwake ya kwanza ni "jana" juu ya sentensi mbili zilizounganishwa, na ya pili ni "jana" ndani ya sentensi ya kwanza tu.

Jambo lingine: katika "Watoto walikuwa wagonjwa" mwongozo umetufanya tuweke "wagonjwa" kuwa mzizi na "walikuwa" chini yake. Neno lililobeba kiambishi cha kiima na njeo limekuwa kitegemezi. Linanisumbua.

Elia: La "walikuwa" usiilaumu sarufi ya utegemezi. Ni uamuzi wa mwongozo huo, unaotaka maneno yenye maana yatawale ili lugha zenye kitenzi kishirikishi na zisizo nacho zifanane. Zipo shule nyingine za utegemezi ambazo zingeweka "walikuwa" kuwa mzizi, na kwa Kiswahili ningewafuata hao kwa sababu hiyohiyo uliyoisema.

La "jana" ni zito zaidi, na hapo virai vina nguvu. Uunganishaji ndio mahali pagumu kwetu, kwa sababu viunganishwa ni sawa kwa sawa na mshale unataka mkubwa na mdogo. Njia moja ni ya mkusanyo wa Praha wa sentensi za Kicheki zilizochanganuliwa: kiunganishi ndicho kinachokaa juu, vitenzi vyote viwili vinakuwa chini ya "na" vikiwa na alama ya uanachama. "Jana" la wote linaning'inia kwenye "na", na "jana" la mmoja linaning'inia kwenye kitenzi chake. Sentensi zako mbili zinatengana.

Zuhura: Zinatengana kwa sababu "na" sasa linafanya kazi ya fundo la kirai. Halitawali "aliimba" kwa namna ambayo "amesoma" linatawala "kitabu". Limewekwa juu ili pawe na mahali pa kulishikilia kundi. Alama ya uanachama ipo kwa ajili ya kutofautisha kiunganishwa na kitu kinachowahusu wote. Mimi naiona hiyo kuwa kukubali kwamba kundi lina uhalisia wake.

Elia: Mimi naiona kuwa kukubali kwamba *uunganishaji* si utegemezi. Tesnière mwenyewe aliutenga. Haifuati kwamba kila kitenzi na shamirisho lake wanahitaji fundo juu yao.

Neema: Kuna njia ya kuongeza mshale wa pili, kutoka "alicheza" hadi "jana"?

Elia: Ipo, mwongozo wenu una tabaka la ziada kwa ajili hiyo. Ila jueni kwamba hapo "jana" lina mabosi wawili, kwa hiyo mchoro si mti tena. Lihifadhini tabaka hilo mbali na mti wa msingi, la sivyo programu inayotarajia mti itawagomea.

Neema: Basi nitawapendekezea wenzangu hivi: mti wa mishale kwa sentensi zote, tabaka la ziada kwa sentensi zenye viunganishi, na mabano ya virai kwa virai nomino vyenye vivumishi viwili au zaidi. Mwalimu Hamisi, "rais wa kwanza mwanamke" tutaifungaje?

Mwalimu Hamisi: Msiifunge kwanza. Kusanyeni zinazofanana nayo, mkitenga zenye kituo cha sauti kabla ya "mwanamke" na zisizo nacho. Kama kituo kipo mara nyingi, dada Zuhura ana haki ya kuyaita maelezo ya nyongeza.

Zuhura: Na kama hakipo, nitakuwa na matawi yanayokatana na nitalazimika kuyakubali.