UZI: Tasnifu imerudi mara ya TATU, na samaki wangu hawana kosa. Kosa ni Kilatini!

FuruWaIgombe:
Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, makosa ya chapa mnisamehe.

Nimetoka kuchukua tasnifu yangu iliyorudi kutoka kwa mtahini wa nje. Sura ya nne, yenye data nilizozipata kwa kushinda mwaloni Igombe miezi minane nikihesabu furu kwenye ndoo za watu, haina hata alama moja. Sura ya pili imechorwa kalamu nyekundu utadhani daftari la chekechea.

Msimamizi wangu alinielekeza: chanzo kikitokea mara ya kwanza taja waandishi wote, kikirudi ndipo ufupishe. Nikatii. Nikaandika (Seehausen, van Alphen, & Witte, 1997), ukurasa uliofuata (Seehausen et al., 1997), yaani Seehausen na wenzake. Mtahini kafuta yale majina matatu, kaandika pembeni "et al. tangu mwanzo". Nimempelekea msimamizi, anasema mtahini hajui APA, ule mtindo wa kutaja vyanzo tunaotakiwa kuufuata. Wazee wawili wanabishana, anayelipa steshenari ni mimi! Nimeshabaindi nakala nne mara mbili.

Halafu nimeandika: "Furu walipungua kwa kasi miaka ya 1980 baada ya sangara kuongezeka (cf. Witte et al., 1992)". Pembeni: "Unapingana nao?" Napingana nao wapi, si nimesema walichokisema wao? Na chini yake: "Witte et al. yupi?" Kwani wako wangapi?

Na ibid. zangu zote kumi na moja kazikata bila neno.

Nani anaelewa hivi vitu aniambie, kabla sijaitupa laptopu ziwani.

MtuWaMwaloni:
Mkuu andika "Witte nk." yaishe. Ni kitu kile kile.

FuruWaIgombe:
Nk. ni ya vitunguu, nyanya na bamia, mkuu. Hawa ni watu na walihesabu samaki.

BabuMaktaba:
Mwanangu, kunywa maji kwanza. Nimekaa na tasnifu za watu miaka mingi, na ugomvi huu nauona kila msimu wa mahafali.

Msimamizi wako na mtahini wako wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kitabu chake mkononi. Toleo la 6 la APA, la 2009, lilitaka waandishi watatu mpaka watano watajwe wote mara ya kwanza, kisha et al. Toleo la 7, la 2019, lilifuta utaratibu huo: wakianzia watatu, ni jina la kwanza na et al. papo hapo. Seehausen na wenzake ni watatu kamili, ndiyo maana wamekuwa uwanja wa vita. Wawili hawafupishwi katika toleo lolote.

Hayo ni ndani ya maandishi. Kwenye orodha ya marejeleo hali ni nyingine kabisa: toleo la 7 linataka majina yote mpaka ishirini. Hebu kaangalie, nahisi huko nako umejaza et al.

FuruWaIgombe:
... Nimejaza. Shikamoo babu. Tatizo mwongozo wa chuo umeandika "tumia APA", basi. Toleo halikutajwa.

BabuMaktaba:
Marahaba. Hapo sasa mwenye kosa si wewe wala si wao wawili. Omba ofisi inayosimamia wahitimu ikuandikie kwa karatasi ni toleo lipi, usikubali la mdomo.

Nyegezi_Mjanja:
Kuhusu Witte ni rahisi mno. Kuna makala mbili za 1992, nimezitumia mwenyewe. Weka 1992a na 1992b, umemaliza.

BabuMaktaba:
Umeona vizuri kwamba ni mbili, kijana, ila dawa siyo hiyo. Kwenye APA herufi zinakuja pale waandishi wanapokuwa wale wale, kwa mpangilio ule ule, mwaka ule ule. Hizi makala zina watu tofauti. Zote zinaanza Witte, Goldschmidt. Moja jina la tatu ni Wanink, na ina waandishi saba. Nyingine la tatu ni Goudswaard, nayo ina sita. Ukikata baada ya Witte zinafanana kama pacha, kwa hiyo unaongeza majina mpaka pale zinapoachana:

```
(Witte, Goldschmidt, Wanink, et al., 1992)
(Witte, Goldschmidt, Goudswaard, et al., 1992)
```

Mtahini aliyeuliza "yupi" amesoma zote mbili huyo. Mheshimu.

Nyegezi_Mjanja:
Lakini makala za samaki ninazosoma zimejaa 1992a, 1992b hata waandishi wakitofautiana!

BabuMaktaba:
Ni kweli, majarida mengi ya sayansi yana kanuni zao. Ukipeleka makala huko, fuata zao. Yeye ameambiwa APA.

DadaTanbihi:
Mimi nasoma sheria, kwetu ibid ni chakula cha kila siku, na iliniumbua. Tanbihi ya 14 ilikuwa kitabu fulani, ya 15 nikaweka ibid, maana yake ni pale pale. Usiku wa kuamkia kukusanya nikachomeka aya mpya katikati pamoja na tanbihi yake. Namba zikajisogeza zenyewe, ibid ikawa ya 16, lakini neno lenyewe halijui kama limehamishwa. Hoja ya profesa mmoja nikawa nimempa jaji! Siku hizi naandika jina na kichwa kifupi mpaka rasimu ya mwisho kabisa, ndipo naweka ibid. Na tanbihi iliyotangulia ikiwa na vyanzo viwili siweki kabisa, msomaji atajuaje ni kipi?

Ila wewe FuruWaIgombe ulikuwa unaweka ibid kwenye tanbihi zipi? APA si mnaandika jina na mwaka kwenye mabano?

FuruWaIgombe:
Niliweka kwenye mabano. (Ibid., uk. 12).

DadaTanbihi:
Uwiii. Basi kazikata kwa haki. APA haina ibid. Unarudia jina na mwaka hata iwe mara kumi.

BabuMaktaba:
Imebaki cf. Si "tazama", mwanangu, ni "linganisha". Ukiiweka, msomaji anategemea kukuta huko jambo linalosema tofauti au linaloiangalia hoja yako kwa upande mwingine. Witte na wenzake wanakuunga mkono, basi waweke kwenye mabano bila cf. Nafasi yake ingekuwa hivi: umesema sangara ndiye aliyemaliza furu, kisha unaandika (cf. Verschuren et al., 2002). Hao walichimba tope la chini ya ziwa wakaonyesha mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, na hewa ya oksijeni kwenye kina ikaanza kupotea mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla sangara hajatawala. Hawamwondoi sangara, ila wanaleta mshtakiwa mwingine.

FuruWaIgombe:
Babu, hao Verschuren sijawasoma.

BabuMaktaba:
Nilihisi. Na pengine naye alihisi.

MtuWaMwaloni:
Mimi bado nasema nk.

FuruWaIgombe:
Wabeja sana babu, na wewe dada. Nimefungua faili, nimetafuta `et. al` yenye nukta baada ya et: zipo 63. Hata hii ni kosa?

DadaTanbihi:
Kosa. Et ni neno zima, nukta ni ya al. peke yake. Badilisha zote kwa mkupuo, dakika moja.

FuruWaIgombe:
Sawa. Ofisini nimepiga simu kuuliza toleo. Dada wa mapokezi ameniambia niulize msimamizi wangu.