"Soma tangazo kwanza": huyu mteja wa sauti za mikutano ametukosea adabu!

Binti wa Ujiji (mwanzisha uzi)
Wakuu wa Kigoma mnaofanya kazi za mtandaoni, mnamjua, simtaji. Yule mwenye tangazo la kuandika sauti za mikutano ya vijiji, linalorudi kila wiki kama deni la duka.

Leo asubuhi nimemuuliza swali moja, kwa heshima zote: "Dola 60 ni kwa saa moja ya sauti au kwa mzigo wote?" Akanijibu: "Soma tangazo kwanza." Mimi! Tangazo nimelisoma mpaka nukta zake nazijua kwa majina!

Haya, tulisome wote. Juu kabisa: "uandishi mwepesi wa sauti ya Kiswahili". Bajeti dola 60, "inajadilika kwa mtu sahihi". Sauti ni saa ngapi? Hakuna. Ushuke chini kabisa, ukishamaliza sifa zake mwenyewe, ndipo ukutane na mstari mmoja umejibanza: kila msemaji atambulishwe, muda uandikwe kila sekunde 30, na "baadhi ya washiriki huchanganya Kiha". Wepesi uko wapi hapo? Kuna kuandika, kuna kutafsiri, kuna kutambua sauti za watu usiowajua. Juu yake jaribio la bure la dakika 10, nimelifanya. Halafu naambiwa SOMA TANGAZO KWANZA! Nimepiga kelele wamenisikia mpaka Kalemie.

Mzee wa Bangwe
Pole binti yangu. Saa moja ya sauti safi, mtu mmoja anasema taratibu, hula kama saa 4 za kuandika. Mkutano wenye upepo na watu wanaokatizana hula zaidi. Tuseme mzigo ni saa 10 za sauti: hata kwa hesabu ya sauti safi ni saa 40 za kazi. Gawa dola 60, unapata dola 1 na senti 50 kwa saa, mtandao haujakata chake na bando hujanunua. Mzigo ukiwa saa moja tu, dola 60 hizo hizo ni hela nzuri. Kwa hiyo swali lako ndilo lililokuwa kazi yote, na ndilo alilolikwepa.

Kijana wa Gungu
Mbona rahisi? Angalia kama njia yake ya malipo imethibitishwa. Haijathibitishwa, tapeli. Imethibitishwa, omba kazi, basi.

Mzee wa Bangwe
Nusu umepata, mwanangu. Mteja mpya wa kweli naye huanza hajathibitishwa, na aliyethibitishwa anaweza kukukamua vilevile. Tazama na historia: ametangaza mara ngapi, ameajiri wangapi, waliomfanyia kazi wanasemaje. Aliyetangaza mara 30 akaajiri wawili, jiulize hao wengine walimpa nini. Na kazi ya bei ya jumla usiianze mpaka hela ya hatua ya kwanza iwe imeshawekwa kwenye mtandao wenyewe.

Mama Kasulu
Subirini kidogo. Binti, jaribio lako lilikuwa dakika zipi? Mimi nilipewa ya 20 mpaka 30.

Binti wa Ujiji
Mimi 30 mpaka 40!!!

Mama Kasulu
Mkutano wa kisima?

Binti wa Ujiji
Wa kisima! Mwenyekiti anayekohoa! Na bado akathubutu kuniambia nisome tangazo!

Mzee wa Bangwe
Mh. Anayepima uwezo huwapa wote kipande kilekile, apate kulinganisha. Kila mtu akipewa chake, huenda mkutano mzima unaandikwa bure. Siapi, vipande viwili ni vichache. Nani mwingine anacho?

Mpenda Mgebuka
Uzi mrefu kuliko tangazo lenyewe 😂 Dada, labda kulikuwa na neno la siri hukuliona. Wengine huweka katikati "anza ombi lako kwa neno fulani", wapate kuwatupa wasiosoma.

Binti wa Ujiji
Lilikuwepo, na nililiandika mstari wa kwanza! "Tanganyika"! Mtu anaona Tanganyika yake imekaa pale, anajibu "soma tangazo kwanza"!

Kijana wa Gungu
Kwa hiyo huyo amethibitishwa au hajathibitishwa?

Fundi Rangi Mwanga
Nyie afadhali mnaandikiwa. Mimi niliitwa kwa simu, "chumba kimoja, rangi tu". Nafika, ukuta haujapigwa hata skimu, na ngazi eti nije nayo mimi. Nikiuliza bei, "tutaelewana".

Mpenda Mgebuka
Fundi, si wewe uliyeiacha dari ya shangazi yangu nusu nyeupe nusu saruji?

Fundi Rangi Mwanga
Shangazi yako alinunua ndoo moja kwa vyumba vinne! Na hela ya siku ya pili mpaka leo ananiambia nipite jioni.

Mama Kasulu
Huyo shangazi anakaa karibu na soko la Mwanga? Na mimi ananidai vitenge alivyokwisha kunirudishia vimechanika.