MREJESHO: simu iliyoanguka ikapoteza netiweki

Niliuliza: "Simu imeanguka, netiweki inasoma kidogo halafu inapotea, ni antena au softwea?"

Jamani imepona. Nilipiga *#06# IMEI ikatokea vizuri, nikariseti netiweki, wapi, hali ile ile. Kilichonipa jibu ni kuhamisha laini kwenye simu nyingine nikiwa pale pale, hiyo nyingine ikasoma nguvu ya netiweki -86 dBm wakati yangu ilikuwa -114, na kadiri namba inavyozidi hasi ndo netiweki dhaifu, kwa hiyo modemu inaikamata ila kiduchu. Fundi kufungua tu, kale kawaya kembamba ka antena kamechomoka kwenye bodi, akakabonyeza kakalia, sasa inasoma -88. IMEI ingekuwa imepotea ndo ningehisi softwea au modemu yenyewe.