Ngazi inayoteleza ukutani: inauachia ukuta ikiwa kimo gani?

MwanafunziS6_Jinja
Wakubwa, shikamooni. Niko S.6 na kuna swali la mekanika limetugawa darasani. Ngazi ya mita 5, uzito umesambaa sawasawa, imeegemezwa ukutani. Ncha ya juu iko mita 4 kutoka sakafuni, mguu uko mita 3 kutoka ukutani. Ukuta na sakafu vyote ni laini kabisa. Ngazi inaachiwa. Tafuta kasi yake ya kuzunguka inapogonga sakafu.

Wengi tumetumia nishati: kitovu cha uzito kinashuka mita 2, tukapata radiani 2.17 kwa sekunde. Mwalimu anasema ni 2.09, kwa sababu ngazi inauachia ukuta ikiwa bado njiani. Lakini mlinganyo wetu wa nishati hauonyeshi popote kwamba inaachia. Hilo linajulikanaje?

Kipanga256
Pythagoras inakutosha, mdogo wangu. Mguu ukienda kwa kasi ileile, kasi ya ncha ya juu inapanda bila mwisho kadiri inavyokaribia sakafu. Hakuna kitu kinachoenda hivyo, basi lazima iuachie ukuta.

FundiRangi_Walukuba
Mimi napanda ngazi kila siku. Hiyo yenu imelala mno! Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu utoke mita 1 tu. Na ikianza kuteleza usijaribu kuishika. Nauliza pia: nikiwa nimesimama juu kabisa, itaachia mapema au itachelewa?

NyaboMekanika
Kipanga, ni kweli inaachia, ila sababu yako ni ya ngazi ambayo mtu anauvuta mguu wake kwa kasi moja. Hapa hakuna anayevuta, na hata ukidai ngazi haibanduki ukutani, kasi haifiki huko.

Mwanafunzi, nishati peke yake haitakwambia, maana haiitaji kani ya ukuta. Ukuta laini haufanyi kazi yoyote, kwa hiyo haumo kwenye hesabu yako. Iulize kani yenyewe. Ukuta unaweza kuisukuma ngazi, hauwezi kuivuta. Na kwa kuwa sakafu ni laini, msukumo wa ukuta ndio kani pekee ya ulalo. Basi maadamu ngazi inagusa ukuta, kasi ya ulalo ya kitovu haiwezi kupungua. Hesabu ikikuonyesha inapungua, umeshaulazimisha ukuta uvute.

Kwa hiyo tafuta kilele cha kasi hiyo. Wakati ngazi ingali inagusa, kitovu kinafuata duara la nusu kipenyo mita 2.5 kutoka kwenye kona. `H` ni kimo cha ncha mwanzoni, `h` ni kimo chake sasa, `v` ni kasi ya ulalo ya kitovu, `L` ni urefu wa ngazi, `ω` ni kasi yake ya kuzunguka:

```
ω² = (3g/L²)(H − h)
v  = ωh/2
v² = (3g/4L²) h²(H − h)
```

`h²(H − h)` inafika kilele `h` ikiwa theluthi mbili za `H`. Kwako ni mita 2.67. Hapo ω ni 1.25, na `v` ni mita 1.67 kwa sekunde. Kuanzia hapo hakuna kinachoisukuma wala kuizuia kwa ulalo, basi 1.67 inabaki hivyo mpaka chini:

```
gH/2 = v²/2 + (L²/6)ω²
19.6 = 1.39 + (25/6)ω²
```

Inatoka 2.09. Jibu la 2.17 linadai kwamba kitovu hakiendi mbele hata kidogo ngazi inapogonga sakafu, yaani ukuta umeivuta ikasimama.

MwanafunziS6_Jinja
Asante sana nyabo, sasa nimeona. Na ngazi ikiwa nzito katikati kuliko kwenye ncha, bado ni theluthi mbili?

NyaboMekanika
Ndiyo, kitovu kikiwa katikati. Ile 3 ndiyo inayobadilika, `h²(H − h)` inabaki palepale. Fundi akisimama katikati ya ngazi jibu ni lilelile. Akisimama juu, kitovu cha wote wawili hakifuati duara tena, na theluthi mbili haisimami.

Mwalimu_Mbarara
Niongeze onyo moja. Kuna maswali yanayosema ukuta tu ni laini, sakafu yakainyamazia. Sakafu ikiwa na msuguano, ngazi inapoteleza inapoteza nishati, na kasi ya ulalo inapofika kilele ukuta bado unasukuma, maana unalingana na msuguano wa mguuni. Ngazi inaachia baada ya kilele. Kwa hiyo theluthi mbili usiiandike kabla ya kusoma sakafu imeelezwaje.

Kipanga256
Mwalimu, kuachia baada ya kilele haina maana ni chini ya mita 2.67, kwa sababu msuguano unahamisha hata kilele chenyewe.

Mwalimu_Mbarara
Kweli, sijasema ni chini. Inategemea kiasi cha msuguano, na hapo lazima kwanza utatue mlinganyo wa mwendo wenyewe.

FundiRangi_Walukuba
Swali langu la kusimama juu bado halijajibiwa. Mimi nina kilo 70, ngazi kilo 15.

MwanafunziS6_Jinja
Fundi, nitaanza kwa kutafuta kitovu chenu wote wawili, halafu nitaweka hesabu hapa nyabo aikague.