Mtoto hali chakula: ni simu, ni damu au ni fikra zake?

Binti Wete: Mdogo wangu ana miaka 17. Siku nyingi hali, siku nyengine anakula sana halafu anajifungia chooni. Mama anasema shetani, ami anasema simu. Haya maradhi ya anoreksia, ya kujinyima chakula, na bulimia, ya kula sana kisha kujitapisha, yanatoka kwenye damu, kwenye fikra au kwenye jamii?

Baba Nasra: Ami yako kasema kweli. Kuna visiwa kule Pasifiki, Samoa nadhani, walipoletewa televisheni tu nusu ya wasichana wakaanza kujitapisha. Kwetu zamani bibi harusi alilishwa, akasuguliwa singo, akatoka kanawiri. Leo wanataka kuwa vijiti. Simu hizo, hakuna jengine.

Muuguzi wa Chake: Ni Fiji, Baba Nasra, mkoa wa Nadroga. Televisheni ilifika 1995. Daktari Anne Becker aliwauliza wasichana wa skuli mwaka ule, akarudi 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa kama 11 katika kila 100. Si nusu. Tena hawakuwa wasichana walewale, bali makundi mawili ya watu sitini na kitu. Hata hivyo habari ile ina uzito, maana na kwao mwili mkubwa ulisifiwa.

Lakini Unguja ina televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Na wale 89 wengine katika kila 100 kule Fiji waliangalia televisheni ileile, wao kiliwakinga nini? Hapo ndipo damu inapoingia. Pacha wa kufanana, mmoja akipatwa na anoreksia, mwenziwe hupatwa mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana, na hao pia wamelelewa nyumba moja.

Mama Salma: Wangu hakuwa na simu. Alianza kwa saumu. Jumatatu na Alhamisi, mie nikafurahi. Zikaja sita za Shawwal, zikaisha, yeye akaendelea kila siku. Nilichelewa kujua kwa sababu ibada ilimfunika.

Abu Twalha: Bibie, tafadhali. Sasa saumu ndiyo imekuwa maradhi? Watu hawa wanaanza na televisheni, wanaishia kwenye dini yetu. Saumu ni afya, na sita za Shawwal ni sunna.

Mama Salma: Shehe, na mie nafunga. Sikuilaumu saumu. Nilijua tafauti siku niliyokaa naye magharibi. Sote tuna njaa, adhana inalia, yeye kaikata tende moja vipande vinne, kala kimoja, kainuka. Aliyefunga kwa ajili ya Mungu huingoja futari. Mwanangu alikuwa anaikimbia.

Abu Twalha: Kuunganisha siku bila kufuturu Mtume (s.a.w.) alikataza, hilo nakubali. Lakini ungeandika hivyo tangu mwanzo.

Kijana wa Ng'ambo: Basi ni fikra tu. Mwambieni abadilishe mawazo, ale. Maalim wetu wa saikolojia alisema wagonjwa hawa wanajiona wanene hata wakikonda.

Muuguzi wa Chake: Wengi, ndiyo, si wote. Na kumwambia "kula" hakutoshi, kwa sababu njaa yenyewe hubadilisha fikra. Kuanzia mwaka 1944, kule Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya walijitolea, wakapunguziwa chakula karibu miezi 6 mpaka wakapoteza kama robo ya uzito. Usiku na mchana waliwaza chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakajitenga na watu. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula kupita kiasi. Kwa hiyo ukimpima mgonjwa damu na ubongo leo, hujui kama unaona chanzo au athari ya njaa. Hilo ndilo tatizo la wanaosema chanzo ni kemikali za mwilini.

Ila vijana wale hawakujinyima kwa kuogopa kunenepa. Hofu hiyo inahitaji maelezo yake, na hapo watu wa fikra wana nguvu. Msichana anajiwekea sheria, hakuna vitumbua. Anakula kimoja, anajiona ameshindwa, basi anamaliza sahani. Anatapika, kesho sheria inakazwa zaidi, njaa inazidi, anaanguka tena. Wanaeleza vizuri kwa nini bulimia haiishi. Kwa nini ilianza kwake na si kwa dada yake, hawaelezi vizuri.

Baba Nasra: Na hiyo sheria ya vitumbua kaipata wapi kama si kwenye simu?

Abu Twalha: Mie bado nasema kijana asome hukumu ya saumu kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Binti Wete: Mdogo wangu hakukonda, ndiyo maana mama hasadiki. Lakini ana makovu juu ya vifundo vya vidole, mkono wa kulia. Alisema ni mbuzi wa nazi.

Muuguzi wa Chake: Mbuzi hukata ncha za vidole, bibie. Vifundo hukwaruzwa na meno mtu akitia mkono kooni. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, usingoje akonde. Waombe wampime potasiamu na mapigo ya moyo, kwa sababu kutapika humaliza potasiamu na moyo unaweza kusimama hata kwa mwenye mwili wa kawaida.

Binti Wete: Nimpeleke Unguja kwa boti au hapa hapa Pemba?

Muuguzi wa Chake: Hapa hapa. Na usimfuate chooni usiku huu. Kaa naye tu baada ya kula.